Vipande vya usaili kwa waigizaji wa kujitolea: kutuma mapema, kusomesha papo hapo, au kuanzia kwenye hali?

Kikundi kinachotaka kuigiza tamthilia ya Kiswahili nchini Uganda hukutana na uamuzi mmoja kabla mwigizaji wa kwanza hajaingia chumbani. Je, watu wapewe maneno ya mswada siku kadhaa kabla ya usaili, wapewe karatasi pale pale wanapoitwa, au wasipewe karatasi yoyote bali waelezwe hali na kuachwa waiigize? Uamuzi huo ndio unaoelekeza pia namna ya kuandika tangazo la wahusika, kwa kuwa tangazo humweleza mtu anakuja kuomba nafasi gani, na kipande cha usaili humwonyesha mwongozaji kama nafasi hiyo inamfaa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwongozaji wa kikundi cha mtaa, shule, kanisa au msikiti, ambaye waigizaji wake ni walimu, wafanyabiashara, wanafunzi na askari waliostaafu, wanaofika mazoezini baada ya kazi na bila malipo.

Hali ya lugha nchini mwetu inaugeuza uamuzi huu kuwa mzito kuliko unavyoonekana. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo watu wazima wengi wanaokizungumza vizuri walikipata kwa masikio: sokoni Busia, kambini, kwenye magari ya mizigo, au kwa majirani waliotoka Kongo na Kenya. Mtu wa namna hiyo anaweza kubembeleza, kubishana na kuficha jambo kwa Kiswahili fasaha ilhali hajawahi kusoma ukurasa mzima wa Kiswahili kwa sauti. Ukimwekea karatasi mbele ya macho na kumpa dakika 2, utakachopima ni usomaji wake, na huenda ukamrudisha nyumbani mwigizaji bora uliyekuwa unamtafuta.

Vigezo vya kulinganishia

Njia zote tatu zitapimwa kwa maswali manne yale yale. La kwanza ni nini hasa kinachoonekana katika njia hiyo, na nini kinafichika. La pili ni usawa kati ya aliyejifunza Kiswahili darasani na aliyejifunza mtaani. La tatu ni kazi ya maandalizi pamoja na muda wa siku yenyewe. La nne ni kile ambacho tangazo la wahusika linalazimika kusema ili njia hiyo ifanye kazi.

Jambo moja halimo katika vigezo kwa sababu ni la lazima katika njia zote, nalo ni agizo la pili. Baada ya mtu kuigiza mara moja, mwongozaji humpa agizo moja fupi linalobadilisha nia ya mhusika, kisha humwomba arudie. Mazoezi ya wiki nyingi yatakuwa mfululizo wa maagizo ya aina hiyo, kwa hiyo mtu asiyeweza kubadilika hata kidogo katika usaili atakuchosha baadaye, hata kama mara ya kwanza alikuliza machozi. Kwa waigizaji wasio na mafunzo, mimi huthamini badiliko kati ya mara ya kwanza na ya pili kuliko ubora wa mara ya kwanza.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue tamthilia ya kubuni yenye maonyesho 8 na wahusika 6, inayohusu familia iliyo karibu na Kampala ambayo kibanja chake kinauzwa kwa siri. Zuhura amerudi kutoka kazini Nairobi. Musa, mdogo wake, amepokea nusu ya fedha kutoka kwa dalali. Wengine ni Mama, Dalali, Mwenyekiti wa LC1 na jirani mmoja. Kipande cha usaili kimekatwa kutoka onyesho la 3, nacho kinaanza hivi:

ZUHURA: Umekula?
MUSA: Nimekula.
ZUHURA: Wapi?
MUSA: Mjini.
ZUHURA: Na nani?
MUSA: Na watu.
ZUHURA: Watu wana majina, Musa.
MUSA: Unataka nini, dada?
ZUHURA: Nataka nisikie kwako kabla Mwenyekiti hajaniambia.
MUSA: Walishalipa nusu.
ZUHURA: Nusu ya nini?

Kipande kizima kina ukurasa mmoja na nusu, yaani kama dakika 2 za kuigiza, na kimechaguliwa kwa sababu tatu. Sentensi ni fupi, hivyo asiyezoea kusoma hakwami. Kila mmoja anataka kitu kutoka kwa mwenzake, hivyo hakuna anayesimama tu akisubiri zamu yake ya kusema. Tena katikati yake kuna mgeuko, pale Musa anapokiri, na mtazamaji anaweza kuona kama mwigizaji ameusikia mgeuko huo mwilini mwake au ameupita kama mstari mwingine wowote. Hakikukatwa kutoka onyesho la mwisho, ambalo lina kilio na laana. Mwigizaji asiye na uzoefu akipewa kilio bila kupitia njia inayofikisha kwenye kilio, hupiga kelele, nawe hujifunzi chochote kumhusu.

Maelekezo ya hisia yaliyomo katika mswada, kama vile "kwa hasira" au "kwa huzuni", yaondolewe katika karatasi ya usaili. Yakibaki, kila anayeingia atakasirika kwenye mstari ule ule, nawe utakosa kujua ni nani aliyeielewa hali kwa akili yake mwenyewe. Badala yake weka juu ya ukurasa sentensi mbili au tatu za hali: nani amerudi, nani anaficha nini, na wako wapi. Chapa kwa herufi kubwa za kusomeka kwa urahisi, na weka alama wazi mahali pa kuanzia na pa kuishia.

Njia ya kwanza: kipande kutumwa mapema

Hapa anayejiandikisha hupokea kipande siku 4 hadi 7 kabla ya usaili. Muda mfupi kuliko huo hauwatoshi watu wenye kazi, na mrefu zaidi huwapa nafasi ya kukariri mpaka maneno yakauke.

Njia hii huonyesha vizuri jinsi mtu anavyofikiri juu ya mhusika akipewa nafasi, pamoja na bidii yake, kwani aliyefika bila kuufungua ukurasa hujulikana katika mistari mitatu. Kinachofichika ni uwezo wa kubadilika. Mara nyingi mwigizaji wa kujitolea hufundishwa nyumbani na dada, mwalimu au kiongozi wa kwaya, naye hufika na mpando na mshuko mmoja wa sauti ambao hauachi. Dalili yake ni kwamba husema mstari wake kwa namna ile ile hata msomaji anayemjibu akibadilisha sauti. Hapo ndipo agizo la pili linapohitajika zaidi. Mwambie anayeigiza Musa, "Safari hii unaamini kwamba dada yako tayari anajua, na unataka akusamehe kabla hujakiri." Aliyekariri wimbo ataurudia wimbo ule ule kwa sauti ya chini. Mwigizaji atachelewa kidogo kujibu "Mjini", na pengine atamtazama msomaji machoni kwa mara ya kwanza.

Kwa upande wa usawa, njia hii inamlinda aliyejifunza kwa masikio, kwa kuwa ana muda wa kusomewa na kukariri. Wapo waongozaji wanaotuma pia rekodi ya sauti ya kipande, na ni jambo jema kwa masharti: anayerekodi asome bila kuigiza, kwa mwendo wa kawaida, ili asimwachie mwigizaji sauti ya kuiga.

Maandalizi yake ni mengi. Lazima orodha ya waliojiandikisha iwepo mapema, na mtu mmoja awe na kazi ya kuhakikisha kila mmoja amepata ukurasa sahihi. Maandishi yatumwe kama ujumbe wa kawaida pamoja na picha ya ukurasa, maana si kila simu hufungua faili, na chapa chache ziachwe mahali panapojulikana, kama vile dukani karibu na ukumbi. Siku ya usaili yenyewe huenda vizuri, kwani dakika 8 kwa kila mtu zinatosha: kuingia na kusalimiana, kuigiza mara mbili, swali moja kuhusu ratiba. Kwa watu 30 hizo ni saa 4.

Njia hii ndiyo inayodai tangazo la kina kuliko zote, kwa sababu mtu huchagua nafasi anayoiomba akiwa nyumbani. Kosa la kawaida ni tangazo la sifa: "Musa, miaka 27, mtanashati, mwenye hasira." Tangazo la namna hiyo huwafukuza wanaume watatu wanaofaa kwa sababu hawajioni watanashati, na humleta mmoja atakayekasirika tangu mstari wa kwanza. Linganisha na hili:

"Musa. Mwanamume anayeweza kuonekana wa miaka 22 hadi 35. Mdogo wake Zuhura. Amekubali kukiuza kibanja cha familia na amepokea nusu ya fedha bila kumwambia mtu yeyote. Yumo katika maonyesho 5 kati ya 8. Katika onyesho la 6 anasukumwa na kuanguka. Namna ya kuanguka kwa usalama itafundishwa. Haimbi. Lafudhi yoyote inakubalika."

Tangazo hili linataja matendo, na matendo ndiyo mwigizaji anayoweza kuyafanya. Umri ni ule unaoonekana jukwaani, si ule wa kitambulisho. Idadi ya maonyesho humsaidia muuza duka kujua kama ataweza kuhudhuria, na tendo la mwilini limetajwa mapema ili asiyelitaka asije kulikataa baada ya mazoezi ya mwezi mzima. Vivyo hivyo kukumbatiana, kupigwa, kuvuta sigara jukwaani au kuvua vazi la nje ni mambo ya kuandikwa. Sentensi ya lafudhi nayo isikosekane nchini kwetu, kwa sababu wengi wanadhani tamthilia ya Kiswahili inawataka wazungumze kama watu wa pwani, na kwa dhana hiyo hawaji kabisa.

Tatizo la njia hii ni kwamba watu 15 wataomba kuwa Zuhura na mmoja tu ataomba kuwa jirani. Dawa yake ni kuandika katika tangazo kwamba kipande kimoja kinatumika kwa wahusika kadhaa. Mwanamke aliyejiandaa kwa nafasi ya Zuhura unaweza kumwona kama Mama au jirani kutokana na mistari ile ile.

Njia ya pili: kusoma papo hapo

Mtu hufika, hupewa karatasi, huachiwa dakika chache nje, kisha huingia na kusoma pamoja na msomaji au na mwigizaji mwingine.

Kinachoonekana ni wepesi wa kuelewa maandishi na wa kumsikiliza mwenzako bila matayarisho. Kwa kikundi chenye muda mfupi wa mazoezi, wepesi huo una thamani ya kweli. Kinachofichika ni mengi zaidi. Macho yamebandikwa kwenye ukurasa, mwili hausogei, na sauti huelekea sakafuni, jambo ambalo ni baya kwa jukwaa kuliko kwa kazi ya kamera. Hutajua kama mtu huyu atasikika safu ya mwisho mvua ikinyesha juu ya mabati.

Katika usawa njia hii ndiyo dhaifu kuliko zote kwetu. Mwalimu wa Kiswahili atang'ara, na fundi wa magari aliyekulia mpakani atakwama kwenye "walishalipa". Hata hivyo udhaifu huu unatibika kwa sehemu, na anayelazimika kuitumia njia hii aijue tiba yake. Dalili za usomaji mgumu ni tatu: mtu hupumzika mahali mstari unapoishia ukurasani hata kama maana haijaisha, huyatamka maneno marefu silabi kwa silabi kwa uzito sawa, na kosa moja dogo humfanya arudi mwanzo wa sentensi. Ukiziona, mwombe aweke karatasi chini. Muulize, "Musa anaficha nini, na anaogopa nini dada yake akijua?" Akishaeleza kwa maneno yake, mwambie arudie mazungumzo yale bila karatasi, kwa maneno yoyote. Sauti ikifunguka na mabega yakishuka, ulichokuwa ukikiona mwanzoni ni ugumu wa kusoma tu, na mtu huyo aitwe mara ya pili akiwa na kipande cha kwenda nacho nyumbani. Akibaki vile vile hata bila karatasi, basi umepata jibu lako kwa haki.

Maandalizi ni mepesi: vipande viwili au vitatu na nakala za kutosha. Lakini siku yenyewe hurefuka, kwani tiba niliyoieleza huongeza dakika 4 au 5 kwa kila anayeihitaji.

Tangazo linaweza kuwa fupi, sentensi moja kwa kila mhusika, kwa sababu mwongozaji ndiye atakayegawa nafasi siku ile. Sharti ni kwamba madai yote ya mwilini, siku za mazoezi, tarehe za maonyesho, na kama nauli itarudishwa au la, viandikwe juu kabisa kwa ajili ya watu wote, kwa kuwa hakuna ajuaye bado atapewa nafasi gani.

Njia ya tatu: hali bila maandishi

Waigizaji wawili huelezwa hali, kila mmoja kwa siri, kisha huachwa waizungumze kwa dakika 2. Zuhura huambiwa: "Una shaka kwamba ndugu yako ameuza kibanja, na unataka akiri mwenyewe." Musa huambiwa: "Umepokea fedha, na hutaki alijue hilo leo." Sharti la kila mmoja kuwa na kitu anachokitaka ndilo linalozuia zoezi lisigeuke porojo.

Hapa huonekana usikivu, mwili, na Kiswahili hai cha mtu. Waliojifunza kwa masikio hupumua, na mara nyingi ndipo kundi lote linapogundua kwamba yule mama mnyamaza aliyekaa karibu na mlango ana uwezo wa kumfanya mtu mwingine aone aibu kwa kumtazama tu. Kinachofichika ni uaminifu kwa maandishi. Mwenye ulimi mwepesi huwachekesha watu chumbani, humeza nafasi ya mwenzake, na katika mazoezi hubadilisha maneno kila siku. Mwenzake anayesubiri "Walishalipa nusu" ili ajibu hausikii mstari huo, na onyesho husimama. Ili kumjua mapema, mpe mistari 4 ya mswada baada ya zoezi, mwache robo saa nje akaikariri au akasomewe na mwenzake, kisha aiseme kama ilivyoandikwa. Halafu wabadilishane nafasi, ili aliyetawala awe sasa ndiye anayeficha.

Njia hii haihitaji nakala, lakini inahitaji mwongozaji anayejua kuzuia mzaha bila kuwavunja watu moyo, na inahitaji watu waje wawili wawili. Makadirio ya dakika 12 kwa kila jozi ni ya haki.

Tangazo lake lieleze mahusiano na matatizo bila kufichua matokeo. Ukiandika kwamba Musa anakiri katika onyesho la 3, kila Musa atakiri baada ya sekunde 20.

Ipi imfae nani

Kama una wiki 2 kabla ya usaili na orodha ya watu inajulikana, kama ilivyo kwa kikundi cha kanisa au cha kazini, kipande cha kutuma mapema pamoja na tangazo la kina kitakupa picha ya haki zaidi, mradi usimruhusu yeyote aondoke bila agizo la pili.

Kama usaili uko wazi kwa yeyote atakayefika, kwa mfano katika uwanja wa shule siku ya Jumamosi, na hujui watakuja wangapi, kusoma papo hapo kunawezekana. Tumia sentensi fupi, weka msaidizi nje wa kumsomea kila anayeomba kusomewa, na mtumie msomaji mmoja wa kuwajibu wote, asiyejaribu kung'ara mbele yao, ili kila anayesailiwa apate mwenza wa kiwango kile kile.

Kama wengi wa waigizaji wako ni watu wa soko, wa mpakani au wa kambini, au kama mswada bado unaandikwa na maneno yatabadilika, anza na hali bila maandishi. Kama mswada umekamilika na mwandishi wake hataki neno libadilishwe, njia hii iwe ya kuwachuja wa kwanza tu, kisha waliobaki wapewe kipande cha kwenda nacho nyumbani.

Kwa watoto wa chini ya miaka 18, anza na hali, usiwape kipande chenye ugomvi wa kifamilia siku ya kwanza, pata ruhusa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na awepo mtu mzima wa pili chumbani wakati wote.

Na ikiwa wawili wamelingana mwishoni katika nafasi ya Musa, waite tena pamoja na yule uliyekwisha kumchagua kuwa Zuhura. Soma nao mistari ile 11, mara moja kwa kila mmoja, ukiwa umekaa safu ya mwisho ya ukumbi mtakaoutumia, na umsikilize zaidi Zuhura: Musa anayemfanya Zuhura ajibu tofauti ndiye wa kumchukua.